Nyumba Isiyopigwa Mstari

Keltuma alipoipokea ripoti ya mkutano mkuu alisema bismillahi na kuishika kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga wa jirani.

"Usiiogope, haiumi," alisema Ijja, mwenyekiti wa ushirika, huku akivaa viatu vyake mlangoni. "Kurasa zenyewe kumi na mbili tu. Nusu yake ni mihuri."

"Lakini Ijja, hiki ni Kiarabu cha wahasibu."

"Ndiyo maana nimekupa wewe. Hiyo ripoti ni ya benki na ya serikali. Mimi nataka ya mama zetu. Waambie kwa lugha yetu tulifanya nini, kiliingia nini, kilitoka nini, na mkutano umeamua nini. Irekodi kwenye simu, tuitume kwenye kundi. Na karatasi moja ya picha tuibandike hapa mlangoni, kwa wasiopenda simu." Ijja alifunga kilemba chake upya, kisha akageuka. "Fupisha unavyotaka. Ila usiseme ambacho ripoti haisemi, na usiache neno linalomdai mtu afanye kitu. Basi. Mengine ni mapambo."

Hakuna aliyeona ajabu kwamba kazi hiyo ilimwangukia Keltuma. Katika kijiji chote cha Tagrgust, yeye ndiye aliyekaa kwenye darasa la jioni la msikitini mpaka mwisho. Wenzake waliacha mmoja mmoja, huyu kwa mavuno, yule kwa harusi. Yeye aliendelea, akiwa tayari na mjukuu, akiandika alifu zake kwa ulimi umetoka pembeni kama mtoto. Alitaka kuisoma Kurani kwa macho yake kabla ya kufa. Mungu alimpa hilo, na juu yake akampa kazi za watu: barua za hospitali, karatasi za umeme, na sasa ripoti ya ushirika wa zafarani.

Aliifanya kazi hiyo kwa siku kadhaa, kila baada ya sala ya alasiri, amekaa kwenye mkeka karibu na dirisha. Palipomshinda alimpigia Brahim, meneja wa ushirika, kijana mpole aliyeshughulika na mizani na mashine ya kukaushia.

"Brahim, mwanangu, hapa pameandikwa 'uchakavu wa mali.' Mali gani iliyochakaa? Nani kaiharibu?"

Brahim alicheka. "Hakuna aliyeharibu, mama mdogo. Mashine inazeeka kama sisi. Kila mwaka tunatenga kitu kidogo, ili siku ikifa tusianze kukimbilia mikopo."

Keltuma akaandika: *Mashine yetu inazeeka. Tumeweka akiba ya kununua nyingine.* Akaridhika. Kwenye akiba ya lazima aliandika kwamba ni kama mbegu; hata njaa ikija, mbegu haipikwi. Kwenye ziada aliandika kwamba haigawanywi sawa kwa sawa, bali kila mmoja hupata kulingana na zafarani aliyoleta, na kwamba mkaguzi wa hesabu amezipitia na hakuona kasoro. Kila alipomaliza kipande alikisoma kwa sauti kwa mumewe, Hmad, aliyekuwa akichonga mpini wa jembe uani. Hmad akielewa, kipande kilikuwa kimepita.

"Hapo sawa," Hmad alikuwa akisema. "Hapo hata punda ataelewa."

"Basi wewe na punda mmenisaidia, Mungu awalipe."

Mambo yalikwenda hivyo mpaka ukurasa wa kumi na moja, kwenye maazimio.

Azimio la tatu lilikuwa fupi. *Kuanzia msimu ujao, ushirika hautapokea zafarani iliyokaushwa nyumbani. Kila mwanachama ataleta nyuzi mbichi siku ileile zilipochambuliwa, zikaushwe kwa mashine ya ushirika. Wanachama wa vitongoji vya juu wajiandikishe kwa meneja kabla ya msimu, ili nyuzi zao zifuatwe kwa pikipiki kila siku.*

Keltuma hakuhitaji kuelezwa. Alikuwepo mkutanoni. Mnunuzi alikuwa amerudisha shehena nzima kwa sababu ya unyevu. Pakiti chache tu zilikuwa na unyevu uliozidi, lakini zafarani ya wote ilikuwa imechanganywa, basi uchache huo ukawaponza wote. Walibishana asubuhi nzima. Mwishowe mikono iliinuliwa, na mkono wa Keltuma ulikuwa miongoni mwa ile ya kwanza.

Lakini Lalla Mamass hakuwepo. Alikuwa kitandani akiumwa kifua, huko juu Tagadirt, kitongoji cha mwisho kabla ya mlima kuwa mawe matupu. Jirani zake waliuza kwa madalali. Mwanachama wa ushirika kule alikuwa yeye peke yake. Na Lalla Mamass ndiye aliyewafundisha nusu ya wanawake wa Tagrgust kukausha. Keltuma alipoletwa kijijini kama bibi harusi, hajui ua la zafarani lishikwe wapi, mama huyo ndiye aliyemkalisha karibu naye, akamwonyesha kuzivuta nyuzi tatu nyekundu kwa mara moja bila kuzikata, kuzitandaza kwenye kitambaa cheupe mbali na moshi, na kuzigeuza kwa ncha za vidole. "Usizikaushe kwa haraka," alikuwa akimwambia. "Zafarani inajua ukiichoka."

Keltuma alikaa na kalamu mkononi. Alijaribu sentensi ya kwanza: *Zafarani uliyoikausha mwenyewe haitapokelewa.* Akajisikia akiisema, sauti yake ikitoka kwenye simu ya Lalla Mamass, ndani ya kile chumba chenye mkeka wa sufu nyekundu, na mama yule akiisikiliza peke yake. Akaifuta.

"Nini?" aliuliza Hmad kutoka uani.

"Hakuna."

Aliandika nyingine. *Ndugu zangu, mwaka huu tunawaomba mjitahidi kuleta zafarani mbichi, ikaushwe kwenye mashine yetu, Mungu akipenda. Wa vitongoji vya juu, anayetaka anaweza kumpigia Brahim.* Akaisoma. Ilikuwa laini, ya adabu, ya kumwambia mtu mzima. Ukweli wote ulikuwa ndani yake, alijiambia. Atakayeisikiliza kwa makini ataelewa. Na hata hivyo, habari za namna hii husambaa zenyewe, hazingoji simu.

Hiyo hakumsomea Hmad.

Kwenye karatasi ya picha alichora ua la zambarau, mshale, na mashine yenye trei zake. Pembeni alichora nyumba ya mawe yenye kitambaa cheupe juu ya paa. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi ili aipige nyumba ile mstari mkubwa wa kukataza. Akaiangalia ile nyumba. Bila kukusudia alikuwa ameipa mlango wa buluu, kama wa Lalla Mamass. Akaifunika kalamu.

Ijja alisikiliza rekodi jikoni kwake, anasukuma mkate, simu imesimamishwa kwenye kopo la chumvi. "Tamu kama asali," alisema hata kabla haijafika mwisho. "Itume." Brahim alipitia tarakimu, akazikuta sahihi, naye akasema itumwe. Ikatumwa. Wanawake wakajibu kwa maua na mioyo na dua. Lalla Mamass naye alituma sauti yake, yenye kikohozi: "Mungu akuhifadhi, mwanangu Keltuma. Mara ya kwanza naelewa ule mkutano wao. Kila neno nimelielewa, kila neno."

Keltuma aliisikiliza mara mbili, akafurahi. Baadaye, katika miezi ya joto, alikuwa akiikumbuka furaha ile akasikia kitu kidogo kikimchoma ubavuni, mfano wa kijiti kwenye shuka. Alijiambia atapanda Tagadirt kumweleza vizuri. Ukaja mfungo, ikaja Idi, ikaja harusi ya mpwa wake. Hakupanda.

*

Maua yalichanua kwa wingi vuli ile. Kila alfajiri wanawake walikuwa mashambani kabla jua halijayafungua maua, na kila alasiri chumba cha mapokezi cha ushirika kilijaa vikapu, umbea na harufu ile ya zafarani inayokaa puani mpaka usingizini. Brahim alipima, akaandika, akazitandaza nyuzi kwenye trei. Msimu ulikwenda vizuri hata Ijja akaanza kuimba.

Mashamba yalipokuwa yamebaki na majani matupu, Lalla Mamass akateremka.

Aliteremka kama alivyoteremka kila mwaka, mara moja tu, msimu ukiisha, amejitanda haiki yake, shuka jeupe safi, na kuvaa viatu vya ngozi vya manjano. Kifuani alikuwa amekumbatia kopo la bati lililofungwa kwa kitambaa. Wanawake waliokuwa wakisafisha trei walimpisha, wakambusu kichwani.

"Lalla Mamass! Tulidhani umeolewa huko juu, umetusahau."

"Anioe nani, mwanangu Tuda? Waliobaki kule ni mbuzi, na hata wao wana wake."

Walicheka wote. Alikaa kwenye kiti alichopewa, akafungua kitambaa, akalifungua kopo. Nyuzi zililala ndani nyekundu kama damu nzito, ndefu, hakuna iliyovunjika. Keltuma, aliyekuwa akifuta trei pale dirishani, alisikia trei ikimteleza mkononi.

Brahim alisimama. Alikuna shingo. "Lalla... hizi umezikausha wapi?"

"Nimezikausha wapi? Umezaliwa jana? Nyumbani kwangu."

"Lakini mwaka huu hatupokei za nyumbani. Mkutano uliamua."

"Nani kasema?"

"Mkutano mkuu, Lalla. Wanachama wote. Mbichi tu, siku ileile. Si ulipata ujumbe? Hukunipigia, nikadhani mwaka huu bado unaumwa, huvuni."

"Niliupata. Nao umo humu." Lalla Mamass alitoa simu yake ndogo kifuani, akaibonyeza kwa kidole cha shahada, taratibu, kama anayebonyeza unga. "Nausikilizaga. Huyu mwanangu ana sauti nzuri."

Basi sauti ya Keltuma ikajaza chumba. Ilieleza akiba ni mbegu, ikaeleza mashine inazeeka. Keltuma alikuwa akiijua kwa moyo, na alijua inapoelekea, kama mtu aliyelala kitandani anavyozijua hatua za mgeni anayekuja mlangoni. *...tunawaomba mjitahidi kuleta zafarani mbichi, ikaushwe kwenye mashine yetu, Mungu akipenda...*

"Haya," alisema Lalla Mamass, akaizima. "Nimejitahidi. Mguu wangu mmoja haupandi, haushuki. Nikasema, wameniomba, na mwenye kuomba hakatazi. Mwakani nikipona nitawaletea mbichi. Mwaka huu pokeeni hizi."

Brahim alimtazama Ijja. Ijja alikuwa ameingia wakati rekodi ikisikika, amesimama mlangoni, kipaji cha uso kimekunjamana.

"Lalla," alisema Ijja kwa upole, "jambo lilikuwa wazi. Keltuma kasema ilete kwenye mashine. Kasema pia mpigie Brahim, aje na pikipiki."

"Kasema anayetaka."

"Ni namna ya kusema tu. Wote tumeelewa. Au siyo?"

Wanawake waliitikia. Ndiyo, walielewa. Bila shaka walielewa. Walikuwepo mkutanoni, mikono yao ndiyo iliyoinuliwa. Tuda akasema kwa huruma, "Masikio haya, Lalla, yakichoka yanachagua yanachopenda. Mama yangu naye alikuwa hivyo kabla hajaanza kusahau sufuria motoni." Na mwingine akasema, "Zamani wewe neno halikupiti."

Hapo ndipo Keltuma alipopaswa kufungua kinywa. Alijua. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, ilibaki kupita. Angesema: hakukosea yeye, nimekosea mimi. Maneno machache. Lakini wenzake wote walikuwa wakimtazama kwa ile heshima mpya aliyoipata tangu ile rekodi. Aliinama, akaendelea kufuta trei iliyokwisha kuwa safi.

Lalla Mamass alitazama huku na huku. Kisha uso wake ukabadilika, na kwake Keltuma hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Haukuwa na hasira. Ulikuwa na hofu, hofu ndogo ya mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Kumbe," alisema. "Basi sikusikia vizuri. Nisameheni." Akalifunga kopo lake, fundo juu ya fundo, akatoka.

"Hatuwezi kufanya kitu?" Tuda aliuliza.

"Mimi na kamati hatuwezi kufungua kilichofungwa na mkutano mkuu," alisema Ijja. "Ningefungua kwa Mamass, kesho nifungue kwa nani? Auze kwa madalali, masikini. Watampa nusu."

*

Keltuma alisali alasiri ile, akasali magharibi, wala hakujua alichosoma. Alipoinua mikono kuomba msamaha ilikuwa mizito. Sheikh wa darasa la jioni aliwahi kuwaambia kwamba deni la Mungu Mungu hulisamehe, lakini la mja halifutwi mpaka mja mwenyewe aombwe. Keltuma aliliandika hilo kwenye daftari lake, kwa mwandiko mzuri, akapigiwa alama ya pongezi.

Baada ya siku mbili habari ilifika kutoka juu: Lahsen, mtoto wa Lalla Mamass aliyeko Agadir, amepigiwa simu na mtu. Ameambiwa mama yako ameanza kupotea. Ameacha kusikia, anageuza maneno, amepoteza mavuno ya mwaka mzima. Lahsen anakuja Ijumaa na gari kumchukua. Nyumba itafungwa, shamba ataachiwa binamu.

"Afadhali," alisema Hmad. "Mwanamke mzima, peke yake, kichwa kikianza kumruka..."

"Kichwa chake hakijamruka!" Keltuma alisema kwa ukali hata kuku wakakimbia. Hmad alimtazama, akaacha kuchonga. Keltuma alichukua shali na mfuko wake wenye ripoti na kalamu, akapanda.

Njiani alipata mawazo mazuri, au alidhani ni mazuri. Alipoingia kwenye mlango wa buluu, akambusu Lalla Mamass mkono na kichwa, akakaa kwenye mkeka mwekundu, hakusema lililomleta. Alisema: "Lalla, nipe lile kopo. Nina zangu za maua machache yaliyochelewa, bado sijazipeleka. Nitazilowesha zako kidogo, nichanganye na zangu, nizipitishe kwenye mashine kwa jina langu. Brahim hatagundua. Nikilipwa, nitakuletea chako."

Lalla Mamass alikuwa akitengeneza chai. Aliweka buli kwenye makaa.

"Unataka kuniingiza ghalani kama panya?"

"Hapana, mama, nataka tu..."

"Zafarani yangu, niliyoikausha miaka yote nikiwa nimeinua kichwa, ilowe, ijifiche ndani ya yako? Shehena ikirudishwa tena kwa unyevu, nitawaambia nini wenzangu? Mimi nimekuwa mgonjwa wa masikio, mwanangu. Mwizi bado." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Unajua nafanya nini siku hizi? Nawasha redio, nasikiliza, halafu nazima nione kama nimeelewa. Jana wametangaza mvua. Nikaenda kwa jirani nikamuuliza: wamesema mvua? Akaniambia ndiyo. Lakini alinitazama hivi." Alikunja jicho kuonyesha. "Kama unavyomtazama mtoto anayejifunza kutembea. Lahsen anasema nifunge mizigo. Labda ana haki. Nilikuwa na hakika, Keltuma. Nilisikia 'tunawaomba.' Ningeapa. Basi kama nina hakika namna ile na bado nimekosea, nitajiamini vipi kuacha moto unawaka?"

Keltuma aliona mikono yake mwenyewe kwenye mapaja, imekaa kimya kama mikono ya mtu mwema.

"Hukukosea," alisema.

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Nilikubembeleza mwezi wa tatu, ndilo kosa langu. Ripoti haikusema 'tunawaomba.' Haikusema 'mjitahidi.' Ilisema ushirika hautapokea. Hautapokea kabisa. Na kuhusu pikipiki haikusema 'anayetaka,' ilisema mjiandikishe. Mimi ndiye niliyelainisha. Niliandika sentensi ya kweli, nikaifuta kwa sababu yako, sikutaka uisikie kutoka kwangu. Nilichora hata nyumba, nikashindwa kuipiga mstari. Wenzangu walielewa kwa sababu walikuwepo mkutanoni. Wewe ulikuwa na sauti yangu tu, na sauti yangu ulivyoielewa ndivyo ilivyosema. Ulisikia kila neno, Lalla."

Chai ilichemka, ikamwagika motoni. Lalla Mamass hakuiangalia.

"Na juzi? Pale chumbani?"

"Nilinyamaza."

"Ulikuwa dirishani. Nilikuona."

"Nilikuwa dirishani."

Mama yule alilitoa buli motoni. Nje mbuzi walikuwa wakirudi. Aliposema, sauti yake haikuwa ya kusamehe wala ya kugomba. Ilikuwa ya mtu anayehesabu alichobakiwa nacho.

"Uliniona mimi ni kioo, nitavunjika. Nimezika mume na watoto wawili, nikavunjika wapi? Ungeniambia, 'Mamass, mkono wako hautakiwi tena,' ningelia mchana mmoja, ningemtukana Ijja na mashine yake, kisha ningempigia Brahim. Sasa hivi zafarani yangu ingekuwa imelipwa. Na nisingekuwa hapa naulizana na redio."

"Nisamehe."

"Hilo baadaye. Kwanza nirudishie masikio yangu."

"Nitamwambia Lahsen akija."

"Lahsen tu? Kwani ni Lahsen aliyeniambia masikio yamechoka?" Alimimina chai, glasi mbili. Kisha akavuta lile kopo la bati, akalifungua, akachukua nyuzi kadhaa kwa ncha za vidole na kuziacha zianguke ndani ya kila glasi. Chai ikaanza kugeuka dhahabu. "Kunywa. Hii haijapokelewa popote. Tuinywe sisi."

Keltuma alikunywa. Ilikuwa nzuri mno.

*

Alirekodi palepale kwenye mkeka mwekundu, kwa ombi la Lalla Mamass mwenyewe, aliyetaka kuhakikisha kwamba mara hii haiwekwi asali. Safari hii hakuandika kwanza. Ripoti ilikuwa mapajani, ukurasa wa kumi na moja.

"Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Ni Keltuma. Kwenye muhtasari niliowatumia, azimio la tatu nililisema vibaya. Nalisoma sasa kama lilivyo." Akalisoma kwa Kiarabu, akalirudia kwa lugha yao, neno kwa neno, bila 'tunawaomba.' "Mimi nililigeuza likawa ombi. Haikuwa bahati mbaya. Niliogopa kusema neno gumu. Lalla Mamass wa Tagadirt alielewa sawasawa nilichosema. Amepoteza mavuno yake kwa sababu yangu, si kwa sababu ya masikio yake. Juzi mbele yenu nilinyamaza. Naomba radhi kwake na kwenu. Mwenyekiti, kama mtatafuta mwingine wa kuwasomea ripoti, mtakuwa na haki."

Hakumalizia kwa 'Mungu akipenda.' Alituma.

Lalla Mamass alisubiri simu yake ilie, akaisikiliza yote, kichwa ameinamisha upande mmoja. Kisha akaisikiliza tena. Kisha akampigia mwanawe.

"Lahsen? Usije na gari kubwa, sina mizigo. Njoo unywe chai. Nimekutumia kitu, kisikilize mpaka mwisho. ...Hapana. Sikiliza kwanza, halafu uniambie nani ameanza kupotea."

Majibu ya kundi yalianza kuingia kabla Keltuma hajafika nusu ya mteremko. Mengine yalikuwa makali. Tuda alituma sauti ndefu ya kumwomba Lalla Mamass msamaha, nusu yake kilio. Ijja hakutuma kitu kwenye kundi. Alimngoja Keltuma mlangoni pa ushirika, mikono kiunoni.

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Ungeniambia nini?"

Ijja alifikiri. "Ningekuambia tuyamalize kimyakimya." Alitazama pembeni. "Na mimi niliisikiliza nikisukuma mkate. Tamu kama asali, nilisema. Mungu anisamehe." Kisha sauti yake ikawa ya mwenyekiti tena. "Zafarani ile hatuipokei, usije ukadhani. Hilo halibadiliki."

"Najua."

"Kosa lako nitalipeleka mkutano mkuu ujao, liandikwe kwenye ripoti. Kwamba muhtasari ulitoka na makosa, na mwanachama ameumia, na kuanzia sasa watu wawili tofauti wausikilize mpaka mwisho kabla haujatumwa. Mmoja wao awe mtu ambaye hakuhudhuria mkutano."

"Sawa."

"Na utaufupisha wewe. Usinitazame hivyo. Kati yetu wanawake hakuna mwingine anayejua kusoma."

Karatasi ya picha ilikuwa bado mlangoni, pembe zimejikunja kwa jua la kiangazi. Keltuma alitoa kalamu nyekundu mfukoni. Ua, mshale, mashine. Na pembeni nyumba ya mawe, kitambaa cheupe juu ya paa, mlango wa buluu. Msimu ulikuwa umekwisha, na mstari ule haukuwa na faida kwa mtu yeyote. Hata hivyo aliuvuta, kutoka pembe hadi pembe, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika kidogo mahali pa mlango.

Simu yake ililia. Ilikuwa sauti ya Lalla Mamass, fupi, yenye kikohozi.

"Keltuma. Mwakani ukiwa umeimaliza ripoti, mtu wa kwanza wa kuisikia ni mimi. Upande nayo huku kwa miguu yako. Na chai utakunywa bila sukari."